Nyota ya Jina na Nyota ya Angani
Mhadhara kwa vijana wa Mwanza

Vijana wenzangu wa Kanda ya Ziwa, mmekulia katika mji ambamo neno nyota hutumika kila siku bila mtu kutazama juu. Kijana akipata kazi, nyota yake imeng'aa. Biashara ikilala, kuna aliyeizima nyota ya mwenye duka. Wachumba wakigombana, nyota zao hazipatani. Usemi huu, pamoja na hesabu inayousimamia, ulifika huku kutoka pwani pamoja na Kiswahili chenyewe. Katika miaka ya 1870 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na makazi Kageyi, mashariki ya hapa tulipo, na misafara iliyoleta nguo na shanga ilikuwa na watu waliojua kusoma vitabu vya falaki. Leo nitazungumzia elimu hiyo kwa undani, kwa sababu vijana wengi huikubali yote au huikataa yote bila kujua imeundwaje. Hoja yangu ni kwamba ndani ya kile tunachokiita nyota mna mambo mawili yenye asili tofauti. Moja ni elimu ya kutazama anga, na kanuni zake hubadilika ukihama kutoka mahali pamoja kwenda pengine. La pili ni hesabu ya herufi, ambayo haitazami anga kabisa. La kwanza linastahili kuaminiwa kwa kadiri linavyothibitika. La pili linastahili kujulikana, lakini halina haki ya kumpangia mtoto jina wala kumvunjia mtu ndoa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayogusa majina. Mzazi wa pwani aliyetaka kujua nyota ya mwanawe alikwenda kwa mwalimu, yaani mtu aliyesoma chuoni na kufahamu vitabu vya falaki. Mwalimu hakuuliza mtoto alizaliwa saa ngapi. Aliuliza jina la mtoto na jina la mama yake. Kisha akayaandika majina hayo mawili kwa herufi za Kiarabu, akaipa kila herufi thamani yake katika hesabu ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, zikaendelea hadi ye ambayo ni 10, baada ya hapo zikapanda kwa makumi, kisha kwa mamia, mpaka ghaini ambayo ni 1000. Akajumlisha zote, akagawa kwa 12, akaangalia kilichobaki. Baki likiwa 1, mtoto ni wa Hamali. 2 ni Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, 6 Sumbula, 7 Mizani, 8 Akarabu ambayo ni Nge, 9 Kausi, 10 Jadi, 11 Dalu. Na kama hakukubaki kitu, ni Hutu, yaani Samaki. Buruji hizi 12 zimepangwa tena katika tabia nne zinazofuatana kwa zamu: moto, udongo, upepo, maji. Kwa hiyo Hamali ni moto, Thauri ni udongo, Jauza ni upepo, Saratani ni maji, kisha Asadi inarudi kwenye moto. Hapo ndipo ulipotoka msemo kwamba mume wa moto na mke wa maji hawatakaa.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Mtoto anaitwa Salimu, mama yake Mariamu. Tukiandika Salimu kwa sini, alifu, lamu na mimu, tunapata 60, 1, 30 na 40, jumla 131. Mariamu ni mimu, re, ye na mimu, yaani 40, 200, 10 na 40, jumla 290. Pamoja ni 421. Ndani ya 421 mna 12 mara 35, ambazo ni 420, na linabaki 1. Salimu ni mtoto wa Hamali, mtu wa moto. Kitabu kitasema ni mwepesi wa hasira, apenda kutangulia. Lakini jina hilo lina maandishi mengine yanayojulikana sana: sini, lamu, ye, mimu, pale irabu ya pili inapovutwa. Thamani zake ni 60, 30, 10 na 40, jumla 140. Ukiongeza 290 za mama unapata 430, na ukiondoa 420 linabaki 10. Salimu sasa ni wa Jadi, mtu wa udongo, mtaratibu, mwenye kujilimbikizia. Mtoto ni yule yule na mama ni yule yule. Katika maisha yao hakuna kilichobadilika ila kalamu ya mwandishi, na mtu wa moto amekuwa mtu wa udongo.

Hapa Mwanza taabu huwa kubwa zaidi, na nataka mlitazame hili vizuri kwa sababu ni jambo la majina yenu wenyewe. Chukua jina kama Magesa. Kiarabu cha vitabu hivyo hakina herufi ya g kama tunavyoitamka. Mwalimu mmoja ataiandika kwa ghaini, yenye thamani ya 1000. Mwingine kwa kafu, yenye thamani ya 20. Wa tatu kwa jimu, yenye thamani ya 3. Ukigawa kwa 12, ghaini inachangia baki la 4, kafu la 8, na jimu la 3. Kwa hiyo walimu watatu wenye adabu na elimu, wakiandika herufi nyingine zote sawasawa, watampa Magesa nyota tatu tofauti, na kila mmoja atakuwa amefuata kanuni. Hesabu hii ilitungwa kwa ajili ya lugha yenye maandishi yaliyokubaliana. Ikiletwa kwenye majina ya Kisukuma, Kijita au Kikerewe, inategemea uamuzi wa mwandishi, na uamuzi huo hausemi lolote kuhusu mwenye jina.

Kuna ushahidi mwingine, nao naupima kuwa mzito kuliko huo. Mapacha huzaliwa usiku mmoja, chini ya anga moja, kwa mama mmoja. Kama nyota ni jambo la anga, wangepaswa kuwa na nyota moja. Kwa hesabu ya jina, Hasani na Huseni kwa kawaida huwa na nyota mbili, kwa sababu herufi zao si zile zile. Kwa upande mwingine, kuna nyota za magazetini na redioni, zile zilizopata wasikilizaji wengi kupitia watu kama marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki mwaka 2011. Hizo hugawa watu kwa tarehe ya kuzaliwa. Salimu wetu akizaliwa tarehe 10 Julai, gazeti litamwita Saratani, mtu wa maji, wakati kitabu cha abjadi kimemwita Hamali au Jadi. Wapo watu wanaosoma nyota yao gazetini asubuhi na kwenda kwa mtaalamu wa majina jioni, bila kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo yao.

Sasa tuje kwenye siku. Elimu ya kuchagua siku ilijengwa juu ya vimulimuli saba vya angani vinavyohama mahali pake: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mushtari, Zuhura na Zuhali. Jumapili ni ya Jua, Jumatatu ya Mwezi, Jumanne ya Mirihi, Jumatano ya Utaridi, Alhamisi ya Mushtari, Ijumaa ya Zuhura, Jumamosi ya Zuhali. Kila saa pia ina mwenyewe, na zamu yake hufuata mpangilio wa wazee wa kale, kuanzia kimulimuli kinachokwenda polepole zaidi hadi chenye mwendo wa haraka: Zuhali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Saa ya kwanza ya Jumapili, ile inayoanza jua linapochomoza, ni ya Jua lenyewe. Ya pili ni ya Zuhura, ya tatu ya Utaridi, ya nne ya Mwezi, halafu zamu inarudi kwa Zuhali. Baada ya saa 24 zamu zimezunguka mara tatu kamili na kubakiza hatua tatu, kwa hiyo saa ya kwanza ya siku inayofuata inaangukia kwa Mwezi, nayo ni Jumatatu. Endelea hivyo na siku zote saba zitajipanga zenyewe. Ni hesabu nzuri, na kijana aliyezoea saa za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa asubuhi, huielewa upesi. Kwa hesabu hiyo mwalimu alisema Jumanne isianzwe harusi kwa sababu ni siku ya Mirihi, kimulimuli cha vita na damu, na kwamba saa ya Zuhura inafaa kwa posa na saa ya Mushtari kwa biashara. Lakini hapa pia hakuna anayetazama juu. Jumanne ni ya Mirihi hata katika majuma yale ambayo Mirihi yenyewe imejificha upande wa jua na haionekani usiku kucha.

Pingamizi linalokuja mara moja ni hili: wazee hawakuwa wajinga, na misafara na majahazi yao yalifika. Nakubali kwa moyo wote kwamba hawakuwa wajinga. Ila tuangalie ni elimu ipi iliyowafikisha. Jahazi la pwani lilitegemea kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi inayoufuata. Nahodha aliyekosa majira hayo asingeokolewa na saa ya Mushtari. Zanzibar na mwambao mzima walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, na mpaka leo Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Katika mwongo fulani mtu alijua aanze kupanda, katika mwongo mwingine avushe chombo. Kundi la nyota liitwalo Kilimia lilikuwa saa ya mkulima: katika mwezi wa Mei hupotea kwenye mwanga wa machweo wakati masika bado yanaendelea, na mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri upande wa mashariki, mvua zikiwa zimekwisha. Mwalimu aliyesema safari hii iahirishwe mara nyingi alikuwa na majira haya kichwani pamoja na kitabu chake mkononi. Shauri likifaulu, sifa zilikwenda kwa kitabu. Kazi yetu ni kuzitenganisha sifa hizo na kuirudishia elimu ya majira haki yake.

Pingamizi la pili ni la kisomi zaidi, na vijana wanaosoma fizikia hulipenda. Wanasema: mwezi huvuta bahari nzima, mwili wa binadamu umejaa maji, kwa nini usimvute mtu? Jibu liko hapa hapa ziwani. Pwani ya Zanzibar, wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mvuvi wa pwani, mwanamke anayekwenda kutafuta pweza mwambani, mkulima wa mwani, wote hupanga siku zao kwa tarehe ya mwezi, na wanafanya sawa. Sasa njooni kwenye Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Mwezi uwe mwandamo au uwe mpevu, hakuna mvuvi wa Ukerewe anayeona maji yakipanda au kushuka kwa ajili yake; kinachosukuma maji ufukweni ni upepo. Kama ziwa zima halionyeshi kwa macho mvuto huo, maji yaliyomo mwilini mwa mtu mmoja hayana sababu ya kuuonyesha. Mvuto wa mwezi hudhihirika kwenye bahari kwa sababu bahari ni pana mno na mabonde yake yana umbo linalokuza mwendo wa maji.

Hata hivyo mwezi una amri kubwa hapa Mwanza, na amri hiyo inapita katika njia nyingine. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai; sasa nyingi ni za betri na za sola. Taa huelea juu ya maji, dagaa wakafuata mwanga, wakakusanyika, nyavu zikawazunguka. Usiku wa mbalamwezi ziwa lote lina mwanga, taa inakuwa dhaifu, na dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo siku zinazozunguka mwezi mpevu mialo hutulia, mitumbwi ikapandishwa, nyavu zikashonwa, na sokoni Kirumba Mwaloni mzigo hupungua. Mwezi ukishapita upevu, huchomoza kila usiku ukichelewa kwa takriban dakika 50, hivyo giza la mwanzo wa usiku hurefuka siku hadi siku na kazi hurejea. Huku ndiko kuchagua siku kwa anga kwa maana iliyo kamili. Kuna sababu inayoelezeka, kuna njia ya kupima, na anayekosea hujua kabla hakujapambazuka, kwa kuwa mtumbwi utarudi mtupu.

Linganisheni sasa. Mwezi ule ule humpangia mvuvi wa Pwani siku kwa mvuto na kwa mwanga, na humpangia mvuvi wa Mwanza kwa mwanga peke yake. Mtu wa Unguja akihamia Igombe na kalenda yake ya bamvua, itabidi aiweke kando na kujifunza upya. Nyota ya kaskazini iliyowaongoza mabaharia wa Ghuba, inayoitwa Jaa, haionekani kutoka Mwanza, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta nayo iko chini ya upeo wetu; Suheli, nyota ya kusini, tunaiona ikiwa juu zaidi kuliko wanavyoiona watu wa Maskati. Elimu ya anga ikihama, hubadilika. Hesabu ya Salimu na Mariamu haibadiliki. Inatoa baki lile lile Lamu, Maskati, Mwanza na Kisangani, na sababu yake ni kwamba hakuna mahali popote ilipoliuliza anga.

Wapo watakaosema: lakini nilipopigiwa nyota, tabia zangu zilitajwa moja baada ya nyingine. Simwiti mtu huyo mwongo. Namwomba afikirie idadi. Mkoa wa Mwanza pekee, katika sensa ya 2022, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3.5. Ukiwagawa kwa 12, kila nyota inabeba karibu watu laki tatu: wavuvi, walimu, wagonjwa, matajiri, watoto wachanga. Maneno yatakayowafaa watu laki tatu ni lazima yawe mapana: una moyo mwema lakini watu hawakuthamini, una hasira zinazopita upesi. Kuna jaribio rahisi ambalo darasa lolote linaweza kulifanya. Andikeni maelezo ya nyota zote 12, ondoeni majina ya nyota, kisha kila mmoja achague maelezo anayoona ni yake kabla ya kupiga hesabu ya jina lake. Kama hesabu ina ukweli, wengi watakuwa wamechagua yale yanayotoka kwenye jina. Kama haina, watakaopatia watakuwa karibu mmoja katika kila 12.

Kuhusu majina yenyewe, madhara ninayoyajali ni haya. Mtoto akiugua mara kwa mara, huja mtu akasema jina ni zito, nyota ya mtoto haikulikubali, libadilishwe. Wazazi hulipa, hungoja, na homa inaendelea wakati zahanati iko mtaa wa pili. Binti na kijana waliopendana kwa miaka huambiwa mmoja ni moto na mwingine ni maji, na tumeona kwamba moto huo ungeweza kugeuka udongo kwa irabu moja iliyovutwa. Wala si watu wa sayansi tu wanaolisema hili. Wanazuoni wa Kiislamu tangu zamani wametenga falaki, inayohesabu nyakati za sala, kibla na mwandamo, na kupiga bao la bahati kwa nyota, ambalo wengi wao wamelikataza.

Je, tukiacha hesabu hiyo, majina yatapoteza uhusiano wake na anga? Sioni hivyo, kwa kuwa mwambao na Usukuma vina desturi nyingine ya kutoa majina, kongwe na nyofu zaidi. Juma na Mwanajuma huelekeza kwenye Ijumaa, Hamisi kwenye Alhamisi, Rajabu, Shabani na Ramadhani kwenye miezi. Zanzibar kuna watu waitwao Mwaka kwa kuzaliwa siku za mwaka mpya. Huku kwetu Mabula alikuja na mvua na Bujiku alikuja usiku. Jina la namna hii halimwahidi mtoto utajiri wala halimtishi kwa balaa. Linahifadhi wakati aliofika, na bibi akilitaja baada ya miaka 60, ukoo mzima unakumbuka mvua ile.

Nimalizie na jambo mnaloweza kulikagua wenyewe, kwa sababu lipo katika mpaka wa elimu hizi mbili. Katika siku zinazoepukwa na wengi kwa harusi na safari ni zile siku mbili na robo hivi za kila mwezi ambazo mwezi huwa ndani ya Nge. Hapa mwalimu anaonekana kulitazama anga kweli. Lakini vitabu vingi hugawa mzunguko wa anga katika vipande 12 vilivyo sawa, vikianzia mahali jua lilipo siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana, na mahali hapo husogea polepole mbele ya nyota, takriban digrii moja katika miaka 72. Tangu buruji zilipopewa majina, umbali umefika karibu digrii 24. Mwezi hutembea kama digrii 13 kwa siku, hivyo kitabu kimetangulia anga kwa takriban siku mbili. Kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, anga la Mwanza huwa safi na kundi la Nge huonekana lote jioni upande wa kusini, mkia wake umepinda na nyota nyekundu iko kifuani. Ngojeni jioni ambayo mwezi uko karibu kabisa na nyota hiyo nyekundu, andikeni tarehe na saa, kisha mfungue jedwali la buruji. Jedwali litawaambia kwamba mwezi umeshatoka Nge na uko Kausi, na kwamba siku za kuepuka zilikwisha wakati mwezi, kwa macho yenu, ulikuwa bado haujaifikia nyota hiyo.